Kopo la Unga na Sahani ya Maharagi



Siku ya mizani munatuletea watoto wadogo, na mazungumzo yetu yanakuwa juu ya kunyonyesha, juu ya uji na juu ya bwaki. Leo tuzungumze juu ya yule mkubwa aliyebaki nyumbani. Ni kijana wa miaka 15 au 16. Sauti yake imebadilika, anajitazama kila siku katika kioo, na jioni ananyanyua vyuma pamoja na wenzake nyuma ya nyumba. Anataka mwili wenye nguvu. Kutaka vile si mbaya. Lakini wenzake wamemwambia kwamba chakula cha mama hakiwezi kuleta misuli, na kwamba ni lazima kununua unga wa bei kali unaouzwa katika kopo kubwa. Kama muko na kijana wa namna hii, hadithi ifuatayo ni yenu. Jina la kijana si jina la mtu fulani. Tumwite Amani.

Kijana aliyeacha kula ili apate mwili

Amani alikaa Bukavu na mama yake na wadogo zake wawili. Alikuwa na miaka 16. Kila asubuhi mama yake alimpa faranga kidogo za kununua mandazi na karanga saa ya mapumziko ya shule. Amani hakununua kitu. Aliziweka faranga hizo katika soksi, chini ya godoro. Alitaka kupata dolari 45, maana hiyo ilikuwa bei ya kopo aliloonyeshwa na mchuuzi mmoja sokoni. Juu ya kopo hilo kulikuwa picha ya mtu mwenye mikono minene kama shina la mti.

Asubuhi alikunywa chai tu. Mchana hakula. Jioni alikuta bugali ya muhogo na lengalenga, akala haraka, kisha akaenda kunyanyua vyuma. Kuku wao alipotaga, Amani alichukua mayai na kuyanywa mabichi, kwa sababu mwenzake alimwambia kwamba yai bichi ndilo linaleta nguvu. Mayai hayo mama yake alikuwa anayaweka kwa ajili ya mtoto mdogo wa miezi 14.

Miezi miwili ikapita hivyo. Siku moja shangazi yake alikuja kuwasalimia. Huyu shangazi ni mama anayepima watoto katika senta ya afya, na macho yake yamezoea kutazama miili. Aliona mifupa ya mabega ya Amani, akanyamaza. Kesho yake akamwita aje kwenye senta, akamweka juu ya mizani. Mizani ikaonyesha kilo 50. Zamani kidogo, wakati shule ilipowapima watoto wote, Amani alikuwa na kilo 52.

– Baba, juu ya nini unakonda hivi? shangazi akamuuliza.

Amani akaona haya. Mwishoni akasema:

– Shangazi, miye nataka mwili. Nanyanyua vyuma kila siku, lakini mwili haikuji. Watu wanasema bila ile unga ya kopo, ni bure. Nimebakiza dolari 20. Nilikuwa nafikiri niombe mama kwa zile franga za minervali, nitazirudisha.

Sasa munaona hatari ilipofika. Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha kupotea, mayai ya mdogo wake pia, na sasa masomo yake yalikuwa karibu kupotea.

Ndani ya kopo muko nini

Shangazi hakumkaripia. Alimwomba aeleze kilichoandikwa juu ya kopo. Amani alikuwa amekisoma mara nyingi hata akakishika kwa kichwa. Kopo lina kijiko chake cha plastiki. Kijiko kimoja cha unga kina protini gramu 24. Katika kopo vijiko ni 30.

– Vizuri, shangazi akasema. Na hii unga inatoka wapi?

Amani hakujua. Shangazi akamweleza. Unga wa namna hiyo unatoka kwa maziwa. Wakati watu wanatengeneza fromaji, kama kule Masisi, maziwa yanaganda, na maji ya rangi ya njano kidogo yanatoka. Katika maji hayo mnabaki protini. Katika viwanda vikubwa wanayachuja na kuyakausha mpaka yanakuwa unga, wanatia sukari au harufu tamu, wanafunga ndani ya kopo. Kama kopo ni la kweli, basi ni chakula tu. Si dawa, na hakuna nguvu ya siri ndani yake.

Protini ndiyo ile tunayoita katika mafundisho yetu chakula cha kujenga mwili. Munajua tayari inakaa wapi: katika maharagi, soya, karanga, samaki, mayai, maziwa na nyama. Shangazi alitwaa mizani ndogo ya jikoni na kumwonyesha Amani kwa macho. Alipima maharagi makavu gramu 110. Yakiisha kupikwa yanajaza sahani ndogo moja. Akasema:

– Hapa kuko protini gramu 24 hivi, sawa na kijiko kimoja cha kopo lako.

Kisha akapima sambaza wakavu gramu 40, kama konzi mbili.

– Hapa tena, gramu 24.

Baadaye wakahesabu bei. Kopo la dolari 45, ukiligawa kwa vijiko 30, kila kijiko ni dolari moja na nusu. Siku ile sokoni kilo moja ya maharagi iliuzwa dolari moja na robo. Maharagi yale ya gramu 110 hayakufika hata sehemu ya kumi ya bei ya kijiko kimoja. Amani alihesabu mara mbili, akakuta ni vile vile.

Lakini shangazi hakumdanganya. Alimwambia pia kwamba protini ya maharagi haiingii yote katika mwili kama ile ya maziwa. Sehemu yake kidogo inapita bure, na tena ina upungufu fulani. Lakini upungufu huo una dawa yake ndani ya chungu. Protini ni kama matofali ya namna nyingi. Namna iliyo chache katika mahindi inapatikana kwa wingi katika maharagi, na namna iliyo chache katika maharagi inapatikana katika mahindi. Mtu akila bugali ya mahindi pamoja na maharagi, ukuta unajengwa vizuri. Akitia sambaza kidogo juu, unakuwa imara zaidi.

Muhogo peke yake hauwezi kufanya kazi hiyo. Kilo moja ya unga wa mahindi ina protini gramu 80 hivi. Kilo moja ya unga wa muhogo haina zaidi ya gramu 15 au 20. Muhogo ni kuni nzuri za mwili, lakini hauna matofali. Hii ndiyo sababu mtoto anayekula bugali ya muhogo na mboga kidogo tu anaweza kupata bwaki, ingawa tumbo lake linashiba kila siku.

Kwa nini Amani alikonda

Amani akauliza ulizo la maana:

– Shangazi, kama protini njo inajenga, mbona nilikunywa mayai na bado nikakonda?

Jibu lake, wamama, mulishike vizuri.

Mwili unahitaji kwanza moto wa kuishi: kupumua, kutembea, kusoma, kunyanyua vyuma. Moto huo unawaka kwa vyakula vya kutia nguvu, yaani bugali, viazi, ndizi, mafuta. Kuni zikikosa, mwili hauzimi moto. Unachukua matofali na kuyachoma. Yai alilokunywa Amani liliingia katika moto. Baada ya yai, mwili ulianza kuchoma misuli yenyewe. Yeye alifikiri anajenga nyumba, kumbe alikuwa anabomoa ukuta wa nyuma ili apate kupika.

Hata kama angenunua kopo, mambo yangekuwa vile vile. Unga ule ungechomwa kama kuni, tena kuni za dolari moja na nusu kila kijiko.

Juu ya mayai mabichi, shangazi alimwambia kwamba watu wanageuza mambo. Yai lililopikwa ndilo linaloingia vizuri katika mwili. Katika yai bichi, karibu nusu ya protini inaweza kupita bila kutumika. Tena yai bichi linaweza kuleta vijidudu vinavyoleta kuhara na homa. Yai lichemshwe mpaka liwe gumu. Na katika nyumba yenye mayai machache, mtoto mdogo ndiye wa kwanza kupewa, kwa maana tumbo lake ni dogo na hawezi kula sahani ya maharagi kama kaka yake.

Jambo la tatu lilikuwa pumziko. Chuma hakijengi misuli saa ile unapokinyanyua. Kinaichokoza tu, na mwili unaitengeneza baadaye, wakati wa kulala na siku ya kupumzika. Amani alinyanyua kila siku, mikono ile ile. Shangazi akamwambia anyanyue siku tatu kwa juma, na katikati apumzike siku moja, tena alale mapema.

Sahani ya siku moja

Amani alitaka kujua ni kiasi gani kinamfaa. Kijana wa kilo 50 asiyefanya kazi nzito anahitaji protini gramu 43 hivi kwa siku. Anayenyanyua vyuma anaweza kutumia zaidi, mpaka kama gramu 80. Ikipita hapo, haizidi kumletea misuli. Mwili unaichoma tu, au unaigeuza kuwa mafuta.

Basi wakaenda kwa mama yake, ambaye ni wifi wa shangazi, wakakaa jikoni watatu, wakahesabu chakula kinachoweza kupatikana katika nyumba hiyo bila kuuza kitu.

Asubuhi, badala ya chai tupu, uji wa unga wa mahindi uliochanganywa na unga wa soya, vijiko vitatu vya mahindi kwa kijiko kimoja cha soya, na konzi moja ya karanga. Hapo kuna gramu 20 hivi. Soya ikaangwe kabla ya kusagwa, maana soya mbichi inasumbua tumbo na inazuia protini isiingie vizuri. Karanga zenye ukungu au ladha ya uchungu zitupwe, kwa sababu ukungu huo una sumu inayoharibu maini.

Mchana, akirudi kutoka shuleni, bugali ya mahindi na muhogo nusu kwa nusu, na sahani yake ya maharagi yenye mafuta ya ngazi kidogo. Hapo kuna gramu 30 hivi. Maharagi yaloweshwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe katika maji mapya mpaka yawe laini kabisa. Maharagi ambayo hayakuiva vizuri yanaweza kuleta kutapika.

Jioni, bugali tena, na sombe iliyotwangwa na kupikwa vizuri pamoja na konzi moja na zaidi ya sambaza wakavu. Hapo tena gramu 30 hivi.

Jumla ni gramu 80. Ni kiasi kile kile alichohitaji, wala kopo halikufunguliwa. Mama wa Amani akacheka, akasema:

– Kumbe ni chakula chetu tu! Mimi nilifikiri mtoto wangu anahitaji nyama kila siku.

Nyama ni nzuri inapopatikana, shangazi akajibu, lakini haifai kuuza mbuzi kwa ajili yake. Kilichobadilika katika nyumba hiyo kilikuwa kidogo: mahindi yaliongezwa katika muhogo, maharagi yakaja kila siku, na sambaza wakanunuliwa kwa zile faranga za mandazi.

Vidonge vya kunenepesha

Kulikuwa jambo moja zaidi. Amani alitoa katika mfuko wa suruali karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa vidonge vidogo kumi, bila jina. Mchuuzi alimwambia: “Kama kopo ni ghali, anza na hivi. Juma mbili tu, utanenepa.” Kwa bahati njema hakuwa amekunywa hata kimoja.

Shangazi akasimama. Vidonge vya namna hii, wamama, vinauzwa katika masoko mengi ya nchi yetu, kwa vijana na hata kwa wasichana wanaotaka kunenepa. Mara nyingi ndani yake muna deksametazoni. Hiyo ni dawa ya kweli, na madaktari wanaitumia kwa magonjwa fulani, kwa kipimo na kwa muda. Lakini kwa mtu mzima wa afya inaleta udanganyifu. Uso unavimba na kuwa mviringo, tumbo linakuwa nene, na watu wanamsifu kwamba amepata mwili. Wakati huo huo misuli ya mikono na mapaja inapungua, sukari na damu vinapanda, kijana anaweza kuacha kurefuka, na mwili hauna tena nguvu ya kupigana na magonjwa. Vidonge vingine vinaleta usingizi na njaa kubwa. Mtu ananenepa kwa mafuta, si kwa misuli.

Ukiona kijana wako amevimba uso kwa haraka, huku mikono yake imebaki myembamba, muulize kwa upole kama anakunywa vidonge. Na kama amevinywa kwa majuma mengi, usivitupe na kumwachisha siku hiyo hiyo. Mwili wake umekwisha kuzoea kupokea dawa hiyo kutoka nje, na kuacha mara moja kunaweza kumwangusha: udhaifu mkubwa, kutapika, hata kuzimia. Mlete hospitali pamoja na vidonge vyenyewe. Daktari atampunguzia polepole.

Miezi mitatu baadaye

Amani hakununua kopo. Zile dolari 20 alimpa mama yake, na sehemu yake ikalipa minervali. Kila mwisho wa mwezi alikuja kwenye mizani ya shangazi. Mwezi wa kwanza alikuwa na kilo 51. Aliweza kunyanyua chuma kizito zaidi, ingawa mikono ilikuwa haijanenepa. Shangazi akamwambia asivunjike moyo. Mwanzoni mwili unajifunza kwanza kutumia misuli iliyopo, halafu unaongeza. Mwezi wa tatu alikuwa na kilo 53 na nusu, na shati lake lilibana mabegani.

Si kilo zote hizo zilikuwa misuli. Kijana wa miaka 16 bado anakua, na sehemu ya uzito ule ilikuwa kumrudishia tu alichopoteza kwa njaa. Wala hatafanana na yule mtu wa kwenye kopo, kwa maana kila mtu ana umbo alilopewa na wazazi wake, na wengine wa kwenye picha wanajidunga dawa ambazo hazitajwi. Lakini alikuwa na nguvu, alisoma mchana bila kusinzia, na mdogo wake alirudishiwa mayai yake.

Mukirudi nyumbani

Leo jioni, tazameni sahani ya kijana wenu. Kama ni muhogo na mboga tu, ongezeni mahindi katika unga, na maharagi au sambaza juu. Muulizeni alikula nini mchana. Wengi wanaficha njaa yao kwa sababu wanabakiza franga.

Lakini kama anakula vizuri na bado anakonda, msifikiri ni chakula tu. Kikohozi kinachopita juma mbili, homa za jioni, kutoka jasho usiku, kiu kubwa na kukojoa mara nyingi, au minyoo katika choo, hizo ni alama za ugonjwa. Mleteni apimwe. Na yule mwenye ugonjwa wa figo asiongeze vyakula vya kujenga mwili bila kumwuliza daktari kwanza.

Siku ya mizani ijayo, munaweza kuja naye. Mizani yetu kubwa inasimama karibu na mlango, na kupima kijana hakulipwi.